Kabla hujawasha: sensa ya kina cha tangi na namba zake kwenye PLC

Tangi lilikuwa kavu kabisa, mtu angeweza kuingia na kufagia, lakini skrini ilionyesha mita 1.2 za maji. Pampu ya kusukuma maji shambani ilikuwa imezunguka bila maji usiku kucha, sili yake ikaungua. Hilo lilikuwa shamba moja upande wa Njoro, karibu na Nakuru, na siku ya kukabidhi kazi kila mtu alikuwa ameridhika, kwa sababu siku hiyo tangi lilikuwa limejaa. Nitalitumia tangi hilohilo kueleza mambo ninayoyaangalia sasa kabla ya kuwasha chochote.

Sensa yenyewe ni ile ya kuzamishwa, ya nyaya mbili, ya kupima kutoka mita 0 hadi 6. Ikiwa nje ya maji inapitisha miliampia 4, na maji yakiwa mita 6 juu yake inapitisha 20. PLC, yaani kompyuta ndogo ya paneli inayosoma sensa na kuendesha pampu, ni S7-1200, ambayo milango yake ya analogi iliyo kwenye CPU inasoma volti 0 hadi 10 tu, haisomi mkondo. Fundi asiyetaka kununua kadi ya ziada anaweka rezista ya omu 500 kati ya mlango na komoni yake: miliampia 4 zinakuwa volti 2, na miliampia 20 zinakuwa volti 10. Ni njia halali, mradi ukumbuke kinachotokea kwenye namba. PLC hii huipa volti 0 namba ghafi 0, na volti 10 namba 27648. Kwa hiyo tangi tupu halianzii 0, linaanzia 5530.

Hapo ndipo yule aliyeandika programu alipoteleza. Alizidisha namba ghafi kwa 6 akagawanya kwa 27648. Tangi tupu likampa 5530 × 6 ÷ 27648, yaani mita 1.2. Sasa angalia jinsi kosa hili linavyojificha: maji yakiwa mita 2.5 juu ya sensa, skrini husema 3.2, yakiwa mita 5, husema 5.2. Kadiri tangi linavyojaa, kosa linapungua, na kwenye tangi la mita 5 lililojaa nani atagombana na sentimita 20? Kwa hiyo usikubali kupima ukiwa na tangi lililojaa peke yake. Ukiona kosa kubwa chini na dogo juu, usiilaumu sensa, nenda kwenye hesabu. Kosa likiwa lilelile kila mahali, basi sensa imening'inizwa kimo tofauti na ulichoandika.

Kabla ya hesabu kuna waya. Njia ya mkondo ni moja: chanya ya saplai ya volti 24 inaenda kwenye chanya ya sensa, hasi ya sensa inarudi kwenye mlango wa PLC, inapita kwenye rezista, na komoni ya mlango inaungwa na hasi ya saplai. Wengi husahau ule muungo wa mwisho hasa pale saplai ya sensa si ile inayolisha PLC, na bila huo mkondo hauna pa kurudi. Kinga ya kebo iungwe na ardhi upande wa paneli tu.

Kisha fanya hesabu ya volti. Sensa nyingi za aina hii hutaka angalau volti 10 au 12 zibaki kwake; soma kibandiko chake. Tuseme yetu inataka 12. Kwenye miliampia 20 rezista inakula volti 10. Kebo ya mita 150 yenye shaba ya milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi, ina kama omu 10 na inakula volti 0.2 tu, kwa hiyo umbali si adui hapa. Saplai ikiwa 24 kamili, sensa inabakiwa na 13.8. Lakini pale paneli ilipolishwa na betri za sola, alfajiri zilishuka hadi 20.5. Ukitoa 12 za sensa, zinabaki 8.5 za kugawanya kwa omu 510, na mkondo haupiti miliampia 16.7 hata tangi likifurika. Dalili yake ni kwamba kipimo kinakwenda vizuri kutoka chini, kisha kinagota kimo kimoja na kukwama. Dawa ni rezista ya omu 250, ila namba zote za programu hubadilika nazo: tangi tupu linakuwa 2765.

Halafu kuna ule mrija mwembamba ndani ya kebo ya sensa. Unaleta hewa ya nje nyuma ya kiwambo, ili sensa ipime maji peke yake bila uzito wa hewa. Mafundi huuziba kwa silikoni wakidhani wanazuia unyevu. Usiuzibe, uishie kwenye kisanduku kikavu chenye punje za kunyonya unyevu. Na ukiagiza sensa, hakikisha ni ya mrija. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1850 juu ya bahari, na hewa yake ina takribani kilopaskali 81 badala ya 101 za pwani. Sensa iliyofungwa kwa hewa ya usawa wa bahari itapunguza karibu mita 2 za maji hapa, na hakuna waya utakaokaza kuponya hilo.

Soma pia kipimo chenyewe. Kibandiko kikisema 0.6 bar, hiyo ni mita 6.12 za maji, si 6. Kwenye tangi la mita 5 utakosea karibu sentimita 10.

Kwa kuandika programu, mimi huweka mistari hii, 0.15 ikiwa ni umbali wa sensa kutoka sakafuni, maana haifai kulala kwenye tope:

```
IF #Ghafi < 4977 THEN
    #WayaUmekatika := TRUE;
ELSE
    #WayaUmekatika := FALSE;
    #Kina := 0.15 + (INT_TO_REAL(#Ghafi) - 5530.0) * 6.0 / 22118.0;
END_IF;
```

Namba 4977 ni miliampia 3.6, chini ya kitu chochote ambacho sensa nzima ingetoa. Wengine hukata namba hasi ziwe 0 ili skrini ipendeze. Waya ukikatika, tangi linaonekana tupu, pampu ya kisima inawaka, na maji yanamwagika hadi asubuhi. Ukiikuta skrini ya mwenzako inaandika karibu mita -1.4, mshukuru, waya umekatika na programu haijaficha.

Mwisho, chukua bomba refu lenye maji. Fungua waya mmoja, weka multimita katikati ya njia ya mkondo, si kuibana sambamba na saplai, usije ukapasua fyuzi yake. Sensa ikiwa hewani usome 4.00. Izamishe mita 1 kamili: miliampia 6.67, namba ghafi karibu 9216, skrini 1.15. Multimita ikisema sawa na namba ghafi ikapungua nusu asilimia hivi, usihangaike sana. Mlango wa PLC wenyewe unavuta mkondo kidogo sambamba na rezista. Ikipungua au kuzidi asilimia 2 au zaidi, pima rezista. Ya omu 510 na ya 500 dukani hukaa kwenye droo moja.