Sodiamu haipandi ingawa maji yamezuiwa: jinsi ninavyopitia maji, chumvi na chakula cha mgonjwa

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na swali ninaloitiwa wodini mara nyingi ni hili: mgonjwa sodiamu yake iko chini, daktari ameagiza asizidishe lita moja ya maji kwa siku, siku ya nne sasa na namba haijasogea. Kila mtu anaamini mgonjwa anakunywa kwa siri. Mimi pia niliamini hivyo kwa mama mmoja wa miaka 71, nikapoteza mchana mzima kutafuta chupa ambayo haikuwepo. Namba zake ndizo nitakazotumia hapa.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyetulia, ambaye daktari ameshathibitisha kwamba mwili wake haujakaukiwa wala haujajaa maji, na kwamba tatizo ni homoni inayoamuru figo kubana maji. Mama huyu ilimtokea kwa sababu ya nimonia. Mgonjwa mwenye degedege, anayetapika sana, aliyechanganyikiwa au anayesinzia bila kuamka vizuri ni wa dharura. Huyo mwite daktari sasa hivi, uache kuhesabu vikombe.

Hatua ya 1: Chukua majibu ya damu na mkojo ya siku moja

Unahitaji sodiamu ya damu, kisha sodiamu, potasiamu na osmolaliti ya mkojo, yaani ukali wake. Ongeza mkojo wote wa saa 24 ukipimwa kwa mililita. Mama huyu alikuwa na sodiamu ya damu 123. Mkojo wake ulikuwa na sodiamu 62, potasiamu 31, osmolaliti 480, na kwa siku nzima ulifika mililita 700 tu.

Hatua ya 2: Uliza kama kuzuia maji peke yake kunaweza kufaa

```
(sodiamu ya mkojo + potasiamu ya mkojo) ÷ sodiamu ya damu
(62 + 31) ÷ 123 = 0.76
```

Jibu likiwa chini ya 0.5, lita moja kwa siku kwa kawaida inatosha. Likiwa kati ya 0.5 na 1, ingebidi mgonjwa ashuke hadi karibu nusu lita, jambo ambalo watu wachache sana wanaliweza. Likizidi 1, figo hazitoi maji ya ziada hata kidogo, na kuzuia maji peke yake hakutapandisha namba. Kwa mama huyu, hesabu ilikuwa imeshatuambia tangu siku ya kwanza kwamba lita moja haitamtosha. Hakuna aliyeipiga.

Hatua ya 3: Hesabu maji yote, pamoja na yale yasiyoitwa maji

Chati yake ilisomeka mililita 950. Nikaongeza supu na uji mwepesi, 300. Maji ya kumezea vidonge mara nne, 200. Dawa ya dripu mara mbili kwa siku, kila moja ikiwa imechanganywa kwenye mililita 100 za dekstrosi, 200. Jumla 1,650. Mwombe daktari au mfamasia aangalie kama dawa ya dripu inaweza kuchanganywa kwenye maji ya chumvi badala ya dekstrosi, au kama muda wa kuihamishia vidonge umefika. Kwa vinywaji, tumia jagi moja lenye alama: lijaze asubuhi kiasi kilichoruhusiwa, kila anachokunywa kitoke humo. Vikombe vya wodini havilingani, na kuvihesabu ni kujidanganya.

Hatua ya 4: Hesabu alichokula kweli

Hapa ndipo nilipokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Figo haziwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe vitu vilivyoyeyuka: chumvi, potasiamu, na yurea inayotokana na protini. Vitu hivyo naviita mzigo. Homoni inapoamuru figo zibane maji, ukali wa mkojo unakuwa kama umefungwa mahali pamoja, kwa mama huyu 480. Basi kiasi cha mkojo kinaamuliwa na mzigo:

```
mzigo wa siku ÷ osmolaliti ya mkojo = lita za mkojo
336 ÷ 480 = 0.7
```

Mtu mzima anayekula vizuri hutoa mzigo wa miliosmoli 600 hadi 900 kwa siku. Huyu alitoa 336, yaani 480 mara lita 0.7. Hata angezuiwa maji kiasi gani, mkojo wake usingezidi sana mililita 700, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyabeba nje.

Lakini chati ya chakula ilisema nini? Ilikuwa na alama ya vema kwenye milo yote mitatu. Kwa hiyo sikuitilia shaka, nikaenda kufungua droo ya kitanda na kumhoji binti yake. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada, mama hanywi hata ya kumezea vizuri. Mdomo umemkauka, chakula kikavu hakishuki. Mnamletea mkate na samaki, anavitazama tu." Akafunua sahani ya mchana iliyokuwa bado kwenye meza ya kando. Yai zima halijaguswa, weupe wake umeanza kukakamaa. Samaki amechokonolewa upande mmoja. Mkate umeumwa mara mbili. Alama ya vema ilimaanisha kwamba chakula kimepelekwa.

Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba kizuizi chenyewe kilikuwa kinajiharibia: maji kidogo, mdomo mkavu, chakula kikavu hakiliwi, mzigo unashuka, mkojo unapungua, sodiamu inabaki pale pale. Tangu hapo siamini alama ya vema. Napima sahani kwa mizani ya jikoni kabla haijaenda na baada ya kurudi, kwa siku mbili mfululizo. Kumuuliza mgonjwa alikula nini jana hakutoshi, hasa kwa mtu ambaye sodiamu ya chini inamfifisha kumbukumbu.

Kugeuza chakula kuwa mzigo si kazi ngumu. Gramu 10 za protini hutoa karibu miliosmoli 57. Gramu moja ya chumvi hutoa 34. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa karibu 25, maziwa mililita 200 kama 7. Mama alipelekewa protini gramu 70, akala 30.

Mkojo nao unakuthibitishia. Sodiamu 62 kwa lita, mara lita 0.7, ni milimoli 43, sawa na chumvi gramu 2.5 kwa siku. Hiyo ni ndogo, na nilipouliza nikaambiwa kuna mtu alimwandikia chakula kisicho na chumvi kwa sababu ya umri wake tu. Namba ya sodiamu ya mkojo peke yake ilikuwa juu, na ndiyo iliyowafanya wengi wadhani anakula chumvi ya kutosha. Hiyo 62 inaonyesha sodiamu iliyomo katika kila lita ya mkojo. Ukitaka kujua anakula kiasi gani, izidishe kwa lita za siku.

Tahadhari mbili. Mgonjwa mwenye homa au anayekonda huvunja misuli yake, hivyo mkojo unaweza kuonyesha yurea nyingi kuliko inayotokana na protini aliyokula. Usichukulie hiyo kama lishe nzuri. Na kama mkojo wa saa 24 haukukusanywa wote, hesabu nzima inaanguka. Mimina mkojo wa kwanza wa asubuhi, anza kukusanya baada ya hapo, na umalizie na ule wa kwanza wa kesho yake.

Hatua ya 5: Ongeza mzigo bila kuongeza maji

Tulirudisha chumvi ya kawaida kwenye chakula, ongezeko la gramu 3 kwa siku, takriban nusu kijiko cha chai. Hilo halifanyiki kwa mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa, ini lililosinyaa au figo zilizochoka, na kwa yeyote mwenye presha ya juu daktari ndiye anayeamua. Protini tukailenga gramu 60, yaani 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake wa kilo 50. Kwenye karatasi mzigo ulipanda kwa karibu 270, ukawa 606. Gawanya kwa 480, unapata mkojo wa lita 1.26.

Ili chakula kishuke, lita yake moja tuliihamishia kwenye milo. Kabla ya hapo alikuwa akipewa maji katikati ya milo na kuachwa akabili mkate mkavu. Samaki akapikwa na mchuzi mzito, yai likavurugwa laini, mdomo ukasuuzwa kabla ya kula bila kumeza. Maziwa ya lishe nachagua yale ya chupa ndogo ya mililita 125 yenye protini nyingi. Ile chupa kubwa nyepesi inakula nafasi ya maji.

Chakula kikishindikana, daktari anaweza kuandika yurea ya unga. Gramu 15 hutoa miliosmoli 250, karibu nusu lita ya mkojo kwa mgonjwa kama huyu. Ni chungu, huchanganywa na juisi baridi, na juisi hiyo inahesabiwa. Mimi huanza na chakula, kwa sababu yurea haimpi mgonjwa misuli.

Hatua ya 6: Linda kasi ya kupanda

Sodiamu isipande zaidi ya 8 ndani ya saa 24 kwa aliyedhoofika kwa lishe, mnywaji wa pombe, mwenye ugonjwa wa ini au potasiamu ya chini. Ikipanda haraka mno inaweza kuumiza ubongo kwa kudumu. Potasiamu anayoongezewa nayo hupandisha sodiamu, kwa hiyo iingie kwenye hesabu. Wa kuogopwa zaidi ni mgonjwa ambaye osmolaliti ya mkojo iko chini ya 100, aliyekuwa akiishi kwa chai na mkate. Huyo homoni haimzuii, amekosa mzigo tu. Mlo mmoja mzuri unaweza kumfungulia mkojo mwingi na namba ikaruka. Mkojo ukizidi ghafla mililita 100 kwa saa, mjulishe daktari na damu ipimwe saa hiyo hiyo.

Kwa mama yetu, siku ya pili ilikuwa 125, ya nne 128, ya sita 131, na mkojo ulifika lita 1.2. Nimonia nayo ilikuwa inapona, kwa hiyo siwezi kusema ni chakula peke yake. Siku ya kuruhusiwa osmolaliti ya mkojo ilikuwa imeshuka hadi 260. Tulimwomba daktari aandike waziwazi kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwamba kizuizi cha maji kimefutwa, damu ipimwe tena baada ya wiki, kwa sababu binti alikuwa ameshanunua jagi lenye alama la kwenda nalo nyumbani.