Kubadili kipimo cha myeyusho: anza na lita moja

Chupa ya asidi hidrokloriki kali huandikwa 37% kwa masi, densiti 1.19 g/mL. Kupata molariti, jifanye una lita moja kamili ya asidi hiyo. Lita hiyo ina masi ya 1000 × 1.19 = 1190 g, na asilimia 37 yake ni 440.3 g za HCl. Gawa kwa masi ya moli, 36.46, upate moli 12.08. Basi molariti ni 12.08 mol/L.

Molaliti ndiyo huwakwaza wengi, kwa sababu hugawanywa kwa kilo za maji peke yake, si za myeyusho wote. Toa asidi kwanza: 1190 − 440.3 = 749.7 g. Kisha 12.08 ÷ 0.7497 = 16.1 mol/kg. Ukigawa kwa 1.190 utapata 10.2, chini ya molariti, na hapo ujue umesahau kutoa. Jibu lihakiki bila densiti: katika 100 g kuna 37 g za HCl na 63 g za maji, nalo hutoka lilelile.

Sehemu kwa milioni ni rahisi: asilimia mara 10,000, yaani 370,000 ppm kwa masi. Ila usiseme ppm ni sawa na mg/L hapa. Usawa huo hufaa maji yenye chumvi kidogo, ambayo densiti yake inakaribia 1. Kwa asidi hii mg/L ni 440,300, tofauti ya asilimia 19, ambayo ni densiti yenyewe.