Karata iliyopinduka katika mtandazo wa mapenzi: wima pekee, au nguvu iliyoziba?

Mtandazo wa mapenzi, yaani karata za tarot zilizopangwa mezani kwa swali la mapenzi, ukishafunuliwa, swali la kwanza la mteja huwa: "Mbona hii imetoka kichwa chini? Ni mbaya?" Njia ni mbili: kusoma kila karata kama iko wima, au kuisoma iliyopinduka kama nguvu iliyoziba, yaani jambo la karata lipo ila halipiti. Jibu linatakiwa liwe limeshaamuliwa kabla karata hazijachangwa. Ukingoja uone kwanza kilichotoka, utajikuta unachagua maana kwa kuangalia uso wa aliyekaa mbele yako, na huko si kusoma tena.

Mwongozo huu ni wa pakiti ya kawaida ya karata 78, ile ya Rider-Waite-Smith iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Ukitumia pakiti nyingine hatua ni zile zile, ila angalia picha zako mwenyewe.

Hatua ya 1: Tazama kama kizuizi kina nafasi yake

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na wengi hupapita mbio. Chukua mtandazo wa karata tano: wewe, mwenzako, kinachowaunganisha, kinachozuia, hatua ya kuchukua. Kizuizi tayari kimewekewa kiti chake, nafasi ya nne. Ukisoma na karata zilizopinduka kama nguvu iliyoziba, kizuizi kitahesabiwa mara mbili. Karata ya kwanza imepinduka, kwa hiyo umeziba wewe. Ya tatu imepinduka, kwa hiyo umeziba uhusiano. Kisha ya nne nayo inataja kizuizi kingine. Mteja anaondoka na vizuizi vitatu na hajui aanze na kipi. Na ikiwa karata ya nne yenyewe ndiyo iliyopinduka, utamwambia nini? Kizuizi kilichozuiwa? Katika mtandazo wa aina hii soma wima pekee, na yoyote itakayotoka kichwa chini irudishe wima bila kuisemea neno.

Mtandazo wa karata tatu ni jambo jingine: wewe, yeye, kati yenu. Hapa hakuna nafasi inayouliza mambo yamekwamia wapi, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe. Karata iliyopinduka inajaza pengo hilo. Hapa ndipo nguvu iliyoziba inapofaa.

Wapo wanaohofia kwamba kusoma wima pekee ni kumfichia mteja ubaya. Sivyo. Panga Tatu ikiwa wima ni moyo uliochomwa na mvua inanyesha nyuma yake. Vikombe Vitano ni mtu aliyejifunika joho jeusi akivitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, hali viwili bado vimesimama nyuma yake. Kuna Mnara, kuna Ibilisi. Pakiti ina machungu ya kutosha bila kupinduliwa.

Hatua ya 2: Changa kulingana na ulichoamua

Kwa wima pekee, pitia karata zote 78 uhakikishe zimeelekea upande mmoja, kisha changa kwa mkono juu ya mkono na ukate bila kuzungusha nusu yoyote.

Kwa nguvu iliyoziba, uchangaji huo hautoshi, kwa sababu haupindui karata hata moja. Tandaza leso mezani au mkekani, mwaga karata zote kifudifudi, zikoroge kwa viganja viwili kwa mduara kwa dakika nzima, kisha zikusanye bila kuchungulia. Ukizungusha chache tu mkononi na kurudisha, utaona kichwa chini mara moja moja, na kila ikitokea utaipa uzito isiostahili. Joto na unyevu wa Mombasa pia hufanya karata zigandane, nazo zikigandana hutembea kwa mafungu. Zikoroge tena mpaka ziteleze moja moja.

Kufunua nako kuna kosa lake. Fungua karata kama ukurasa wa kitabu, kwa ubavu. Ukiinyanyua kwa ukingo wa chini na kuilaza mbele, umeigeuza wewe mwenyewe: iliyokuwa wima inatoka kichwa chini, na kinyume chake. Wima ni wima kwa upande wa msomaji, si wa mteja aliyekaa ng'ambo ya meza. Ukisoma kwa WhatsApp, piga picha ukiwa upande wako, la sivyo mteja ataona kila kitu kimepinduka na atashtuka kabla hujaandika neno. Tahadhari pia na Aliyening'inizwa: yeye ananing'inia kichwa chini akiwa wima. Soma jina lililo chini ya picha, usimtazame mtu.

Hatua ya 3: Usihesabu zilizopinduka

Karata zikikorogwa vizuri, kila moja ina nafasi nusu kwa nusu ya kutoka kichwa chini. Katika karata tano zisizo na nafasi ya kizuizi, kuna mipangilio 32 ya wima na kichwa chini, na 16 kati yake ina karata tatu au zaidi zilizopinduka. Yaani mara moja kwa kila mara mbili utaona nyingi zimepinduka, hata kwa wanandoa wanaopendana sana. Kwa hiyo ile kauli ya "tatu kati ya tano zimepinduka, uhusiano wenu umeziba" haina msingi wowote. Hata zote tano kutoka wima ni jambo la mara 1 katika 32. Kinachosomwa ni karata ipi imepinduka na iko nafasi gani.

Hatua ya 4: Iwe na maana moja tu

Mfereji wa maji ukiziba, maji hayajageuka moto. Yamo humo humo bombani. Nguvu iliyoziba ndiyo hiyo: jambo la karata lipo, ila halipiti. Vikombe Viwili kichwa chini si chuki wala talaka. Ni mapenzi yaliyopo ambayo hayabadilishani vikombe. Panga Tatu kichwa chini ni maumivu yaliyomo ndani ambayo hayajatolewa kwa kusemwa au kuliliwa. Kinyume cha karata kiache kabisa.

Kosa linaloharibu usomaji ni kuchanganya: kwa Vikombe Vitano kichwa chini mteja anaambiwa "mambo yanapoa", halafu kwa Vikombe Kumi kichwa chini anaambiwa "furaha haiji". Katika ya kwanza umesoma kulegea, katika ya pili umesoma kuziba, ndani ya mtandazo mmoja.

Zipo karata chache zinazohitaji kanuni ya pekee, kwa kuwa zenyewe zikiwa wima tayari ni kizuizi. Panga Nane ni mwanamke aliyefungwa kamba na kitambaa machoni. Panga Mbili ni mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kupishanisha panga kifuani. Sarafu Nne ni mtu aliyeikumbatia sarafu yake asiiachie, na Vikombe Vinne amekunja mikono chini ya mti. Ongeza Ibilisi, ambaye minyororo ya wale wawili shingoni mwao imelegea kiasi cha kuweza kuvuliwa. Kwa hizi tano, kichwa chini isome kuwa fundo linalegea. Ziandike kwenye daftari kabla ya kuanza kusomea watu, na usiongeze ya sita katikati ya kikao.

Hatua ya 5: Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme mteja ni mwanamke wa Likoni. Mchumba wake ni baharia, hurudi mkataba wa meli unapoisha. Swali: "Mazungumzo ya posa yamekwamia wapi?" Ni swali la kukwama, kwa hiyo mtandazo ni wa karata tatu na zilizopinduka zitasomwa. Zimetoka hivi: wewe, Malkia wa Vikombe, wima. Yeye, Mpanda Farasi wa Sarafu, kichwa chini. Kati yenu, Vikombe Viwili, kichwa chini.

Kwanza zisome zote kama ziko wima. Hatua hii usiiruke, kwa sababu kama hujui ni maji gani yamo bombani hutajua nini kimeziba. Malkia amekaa ufukweni na kikombe kilichofunikwa, tofauti na vikombe vingine vya kundi lake: hisia nyingi, lakini zimehifadhiwa. Mpanda Farasi yuko juu ya farasi aliyesimama tuli, nyuma yake shamba lililolimwa. Ni mtu wa polepole anayeandaa. Vikombe Viwili ni mwanamume na mwanamke wakipeana vikombe uso kwa uso: makubaliano.

Sasa ziba zile mbili. Kwa Mpanda Farasi kilichoziba ni maandalizi. Kusimama kwenyewe hakujaziba kitu, kwa kuwa ndiyo tabia yake hata akiwa wima, na hapa wanaoanza hukosea wakasema "ni mvivu" au "hataki". Kinachosomeka ni kwamba kazi ya kuandaa haisongi, au inasonga bila kuonekana. Vikombe Viwili inaonyesha kwamba makubaliano yapo, ila kupeana hakufanyiki.

Kisha tafuta karata iliyobaki wima. Katika mtandazo wenye mizibo, hiyo ndiyo njia iliyo wazi, na ushauri huanzia hapo. Hapa ni Malkia, yaani mteja mwenyewe. Kikombe chake kimefunikwa, lakini hakijaziba: anaweza kukifunua. Ungeweza kumwambia hivi:

"Dada, sioni hapa kwamba ameghairi. Naona maandalizi yamesimama na nyinyi wawili hamjaambiana ukweli wake. Muulize jambo moja lenye jibu: mkataba huu ukiisha, mshenga aje mwezi gani? Usimuulize kama anakupenda."

Linganisha na kama ungesoma wima pekee kwa swali lile lile: mwanamke mwenye mapenzi ya ndani, mwanamume mwenye subira, makubaliano mema. Ni ya kweli pia, lakini swali la kukwama lingebaki bila jibu. Ndiyo maana aina ya swali na mtandazo hutangulia.

Hatua ya 6: Nafasi ya "yeye" iseme kwa kipimo

Asiyekuwepo hawezi kujitetea. Karata yake ikipinduka, taja kitu kilichoziba, usitaje tabia yake. "Maandalizi hayasongi" inakubalika. "Huyo ni mwongo" haimo kwenye karata hata kidogo, na maneno kama hayo huvunja uchumba wa watu. Kama ulichosema hakiwezi kuthibitishwa na mteja kwa kumuuliza mwenzake swali moja la wazi, umevuka mpaka.

Mteja akiomba karata ya ufafanuzi, toa moja tu, juu ya karata moja uliyoitaja, na isome wima hata ikitoka kichwa chini. Ukiiruhusu nayo izibe, utahitaji nyingine ya kuifafanua hiyo, na kikao hakitakwisha.

Baada ya kikao, geuza karata zote wima kabla ya kuzirudisha kwenye mfuko. La sivyo, kesho mteja akija na swali la mtandazo wa karata tano, masalia ya leo yatatoka kichwa chini katikati ya usomaji wa wima pekee, na atataka kujua ni mbaya au la.