Somo: Kutunga mtihani wa sketi kwa wanafunzi wa ushonaji

Mtihani ukisema tu "shona sketi nzuri", mwenye kitambaa kizuri ndiye atakayeshinda. Hapa Kigoma mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Andika vipimo kwenye karatasi, usilete mtu wa kupimwa. Kiuno 72, nyonga 100, urefu pamoja na mkanda 60, vyote kwa sentimita. Taja kuwa ni vipimo vya sketi iliyokwisha, la sivyo mmoja ataongeza nafasi ya kukalia, mwingine hataongeza, na wote watajiona wako sahihi. Taja pia nyonga itapimwa wapi: sentimita 20 chini ya mkanda. Mishono ya ubavuni ni miwili, zipu kushoto, na kila ukingo unaachiwa sentimita 1.5 za kushonea.

Hatua ya 2: Wape pamba ya rangi moja, iliyofuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Kitenge kimejaa madukani kwetu, lakini maua yake huficha mshono uliopinda.

Hatua ya 3: Funga zipu, laza sketi mezani, pima. Kiuno kisome 36, nyonga 50, urefu 60. Tumia futi moja kwa wote, uliyoilinganisha na rula ya chuma, maana futi kuukuu hurefuka. Kila kipimo kina alama 20: tofauti isiyozidi nusu sentimita, zote, isiyozidi moja, 10, zaidi ya hapo, sifuri.

Hatua ya 4: Alama 40 za umaliziaji. Zipu 15, mkanda 10, pindo 10, nyuzi na pasi 5.

Tuseme nyonga imesoma 49. Geuza sketi ndani. Ukikuta kila ukingo umeliwa sentimita 2 badala ya 1.5, kosa ni la cherehani: kingo nne, nusu nusu, sketi nzima imepungua 2, na ikilazwa ni 1. Ukingo ukiwa 1.5 barabara, alikosea kuchora au kukata. Alama ni 10 vilevile, ila mwandikie sababu, maana marekebisho yake ni tofauti kabisa.

MASWALI

Fundi wa Ujiji: Mwalimu, mshono ulioliwa sana si umaliziaji mbaya pia? Nikate alama tena?
— Hapana, fundi. Umeshamkata kwenye nyonga. Kosa moja liadhibiwe mara moja.

Mama Neema: Umeme ukikatika katikati?
— Wote watumie cherehani za kanyagio, dada, na pasi ya mkaa iwe tayari.

Mwalimu mgeni: Wasahihishaji wawili tukitofautiana?
— Kwenye vipimo, pimeni tena pamoja. Kwenye zipu wekeni sampuli tatu mezani: iliyonyooka na kujificha, inayoonyesha meno, iliyovuta kitambaa. Zipeni 15, 8 na 3 kabla hamjagusa kazi ya mwanafunzi yeyote. Na sketi zibandikwe namba, siyo majina.