Wiki ya 10 ya MySQL ni wiki ya 11 ya Excel: jinsi ya kulinganisha wiki bila kusogea

Mauzo yako yapo kwenye MySQL, malengo ya kila wiki mhasibu kayaweka kwenye Excel, unaunganisha kwa namba ya wiki na ripoti inatoka safi kabisa, hakuna eror. Ila duka linaonekana limeanguka vibaya wiki moja halafu limeruka wiki inayofuata. Dalili ni hii: chora mistari miwili, mauzo na malengo, ukiona vilele vinafanana lakini kimoja kiko nyuma kwa wiki moja, sogeza safu moja kwa mstari mmoja. Vikikaa sawa, hiyo si biashara, ni kalenda.

Hatua 1: uliza kila programu tarehe ileile

Chukua Jumatano ya katikati ya wiki, na Jumapili iliyoitangulia. Jumapili ndo inayotoa siri ya wiki inaanza lini.

```sql
SELECT WEEK('2025-03-12'), WEEK('2025-03-12', 3),
       WEEK('2025-03-09'), WEEK('2025-03-09', 3);
```

Kama hakuna aliyegusa setingi utapata 10, 11, 10, 10. Sasa Excel:

```
=WEEKNUM(DATE(2025,3,12))
=WEEKNUM(DATE(2025,3,9))
```

Zote mbili zinatoa 11. Kwanini? Excel ikiachwa hivyo inaanza wiki Jumapili, na wiki ya 1 ni ile yenye tarehe 1 Januari hata ikiwa na siku chache tu. MySQL nayo inaanza Jumapili lakini wiki ya 1 inasubiri Jumapili ya kwanza ya mwaka, ambayo 2025 ilikuwa tarehe 5 Januari, siku za kabla ya hapo inaziita wiki 0. Ile 3 ndani ya mabano ni kanuni ya ISO: wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. PostgreSQL inafuata ISO bila kuambiwa.

Kwahiyo ukiunganisha kwa "10", mauzo ya tarehe 9 hadi 15 Machi yanapimwa kwa malengo ya tarehe 2 hadi 8. Na usiseme basi nitajumlisha 1 yaishe, maana pengo linabadilika mwaka hadi mwaka: 2025 Excel na ISO zinalingana siku zote isipokuwa Jumapili na tarehe 29 hadi 31 Desemba, ila 2027 mwaka unaanza Ijumaa na kuanzia 4 Januari Excel itakuwa mbele ya ISO kwa wiki nzima, Jumapili kwa mbili.

Hatua 2: unganisha kwa tarehe ya Jumatatu

Namba ya wiki achana nayo kama funguo. Kila mstari upe tarehe ya Jumatatu ya wiki yake:

```sql
DATE_SUB(DATE(tarehe), INTERVAL WEEKDAY(tarehe) DAY)
```

```
=INT(A2)-WEEKDAY(A2,2)+1
```

12 Machi 2025 inatoa 2025-03-10 kote kote, ila kwenye Excel seli ipe muundo wa tarehe. Hizo `DATE` na `INT` usizitoe, zinakata saa, bila hivyo kwenye Excel Jumatatu ya asubuhi na ya jioni zinakuwa vitu viwili. Kulinganisha na mwaka jana toa siku 364, unapata 11 Machi 2024, Jumatatu pia. Bosi akitaka namba aione, muonyeshe ya ISO pamoja na mwaka wa ISO, kwasababu 30 Desemba 2024 ni wiki ya 1 ya 2025, ukiibandikia 2024 inaenda kujumlishwa na Januari ya 2024.

Hatua 3: mwaka wa fedha

Hapa ndo watu wanabishana. Tanzania na Kenya bajeti ya serikali inaanza 1 Julai, na kampuni nyingine zinafuata hivyohivyo. 1 Julai 2025 ilikuwa Jumanne, kwahiyo wiki ya 30 Juni hadi 6 Julai imekatwa, siku moja iko 2024/25 na sita ziko 2025/26. Mmoja anaanza kuhesabu Jumanne ileile, mwingine anasubiri Jumatatu ya tarehe 7, na mwaka mzima mnapishana.

Mimi nafuata Alhamisi: wiki ni ya mwaka ambao Alhamisi yake imeangukia. Alhamisi ni 3 Julai, basi wiki ya 1 ya 2025/26 inaanza 30 Juni, na zinazofuata unapata hivi:

```
=(Jumatatu-DATE(2025,6,30))/7+1
```

`Jumatatu` hapo ni seli yenye tarehe ya hatua ya 2. Iweke kwenye jedwali moja la kalenda ambalo kila ripoti inasoma, usiache kila mtu apige hesabu yake. Jumla ya wiki haitalingana na vitabu vya mwaka, tofauti ya 2025/26 inaanza na mauzo ya 30 Juni 2025, ambayo kwa mhasibu yanabaki 2024/25. Mwandikie hilo chini ya ripoti kabla hajauliza.