Somo: Dozi haikushika, au imeisha mapema? Levodopa, chakula na saa

Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu, yuko Tanga, na huu ni mwaka wake wa saba na ugonjwa wa Pakinsoni. Dawa yake tunaipima kwa sindano ya kushonea. Levodopa, ndiyo dawa yake, ikishika, anatunga uzi mwenyewe bila miwani ya mtu. Isiposhika, hata sindano yenyewe inamponyoka. Mimi ni mfamasia, na pamoja na ufamasia wangu ilinichukua miezi kugundua kwamba nilikuwa nachanganya matatizo mawili na kuyaita jina moja: "dawa imekataa."

Tatizo la kwanza ni dozi kutoshika. Kaimeza, saa nzima inapita, hakuna kitu. La pili ni dozi kushika vizuri kisha kuisha kabla ya wakati wa nyingine. Ukimkuta mgonjwa saa tisa alasiri huwezi kujua ni lipi: hatua fupi, mkono unatetemeka, sauti imeshuka. Lakini la kwanza hurekebishwa jikoni na kwenye saa ya ukutani, na la pili hurekebishwa na daktari. Ukilitibu moja kwa dawa ya mwenzake utaharibu.

Kwanza, elewa kidonge kinapita wapi

Levodopa hainyonywi tumboni. Inanyonywa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, kwa hiyo lazima tumbo liifungulie kwanza. Chakula kizito, hasa chenye mafuta mengi, hulifanya tumbo likae na mzigo wake muda mrefu, na Pakinsoni yenyewe hulipunguza mwendo. Kidonge kinakaa humo kinasubiri zamu.

Kikishafika kwenye utumbo, kuna jambo la pili. Kwa umbile lake levodopa ni asidi amino, jamii ileile ya vipande vinavyopatikana protini ikisagwa. Inavuka ukuta wa utumbo kwa kubebwa, na wabebaji ni walewale wanaobeba asidi amino za maharage, samaki, mayai na maziwa. Fikiria daladala moja na kituo kimejaa watu. Kisha, ikishaingia kwenye damu, inapanda daladala ya aina hiyohiyo mara ya pili ili kuingia kwenye ubongo, na abiria wa maharage wako pale pia. Ndiyo maana mlo mmoja unaweza kuiangusha dozi mara mbili.

Nusu ya levodopa huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu hivi. Miaka ya mwanzo ubongo bado una seli za kuihifadhi na kuitoa kidogo kidogo, kwa hiyo mgonjwa haoni pengo. Seli hizo zikipungua, anaanza kuishi kwa kufuata kupanda na kushuka kwa dawa kwenye damu. Huko ndiko dozi kuisha mapema kunakotoka. Wengi hudhani mwili "umeizoea" dawa. Sivyo.

Hatua ya 1: Karatasi ya siku tatu

Usibadilishe chochote kwanza. Chukua daftari, gawa siku kwa nusu saa nusu saa, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Kila nusu saa andika neno moja: *amewaka*, *amezima*, au *anachezacheza*, yaani mwili unayumba na kujinyonganyonga wenyewe bila hiari. Hili la mwisho lisichanganywe na kutetemeka. Kutetemeka kwa Pakinsoni kuna mapigo sawasawa kama saa; kuchezacheza hakuna mpangilio, na mara nyingi huja dawa ikiwa nyingi. Pembeni andika saa aliyomeza dawa, saa aliyokula, na alichokula. Andika pia jasho la ghafla, wasiwasi, maumivu ya bega au mawazo mazito, maana kuna watu ambao dawa ikiisha huanza na hayo kabla ya mkono kutetemeka.

Baba alikuwa anatumia kidonge cha 25/250, yaani miligramu 25 za kabidopa, inayoilinda levodopa isivunjike kabla ya kufika kwenye ubongo, na 250 za levodopa yenyewe, kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa saba mchana, kimoja saa moja usiku. Karatasi yake ilisema hivi. Asubuhi, kidonge kabla ya chai: amewaka saa moja na dakika arobaini, amezima saa tano na robo. Siku zote tatu hivyohivyo, karibu kwa dakika. Mchana, kidonge pamoja na ugali, maharage na samaki: siku ya kwanza hakuwaka mpaka saa tisa na nusu, siku ya pili hakuwaka kabisa. Siku ya tatu tulipata mgeni, chakula kikachelewa, Baba akameza dawa yake saa saba kwa maji matupu. Saa nane kasorobo alikuwa anatunga sindano.

Mgeni yule ndiye aliyetufundisha. Mchana ulikuwa unaharibiwa na chakula, kwa sababu shida ilifuata sahani. Asubuhi dawa ilikuwa inaisha mapema kweli, kwa sababu ilizima saa ileile hata akila nini. Huo ndio mtihani: *shida inaufuata mlo, au inaifuata saa?*

Hatua ya 2: Tenganisha kidonge na sahani

Dawa nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula; baada ya mlo mzito wa nyama au maharage ngoja hata saa mbili. Imezwe kwa glasi nzima ya maji, mgonjwa akiwa ameketi wima. Chai ya maziwa si maji. Ninaongelea vidonge vya kawaida hapa. Vile vinavyoachia dawa polepole vina masharti yake, na havipondwi wala kutafunwa.

Wagonjwa wengi wakifanya hili tu wanatulia, hawahitaji kugusa chakula chenyewe. Lipe wiki nzima kabla ya kusema halijafaa. Na angalia choo: mgonjwa asiyepata choo siku nne anachelewesha dawa vilevile.

Hatua ya 3: Hamisha protini, usiifute

Hii ni kwa yule tu ambaye hata baada ya kutenganisha bado mchana unamwangusha. Hesabu ya kawaida ya protini ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Baba ana kilo 60, kwa hiyo gramu 48. Kipande cha samaki cha gramu mia kina kama gramu 20, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kikombe cha maziwa 8. Hivyo vitatu tukavihamishia usiku, na kilichobaki kinajazwa na nafaka na mboga za mchana. Asubuhi mihogo au viazi vitamu na chai ya rangi. Mchana wali au ndizi na mchicha.

Gharama yake ni usiku. Protini yote ikienda jioni, dozi ya usiku hudhoofika, na Baba alianza kushindwa kujigeuza kitandani. Ukiona hivyo, rudisha sehemu. Mpime uzito kila mwezi. Mgonjwa wa Pakinsoni hukonda hata bila sisi kumnyima samaki.

Hatua ya 4: Kinachobaki mpelekee daktari

Mchana ulipotengemaa, pengo la saa tano na robo asubuhi lilibaki palepale. Tulikwenda na karatasi. Daktari hakuongeza dawa, aliigawa: vidonge vya 25/100, kimoja na nusu mara tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tatu na nusu, sita na nusu, tisa na nusu, na kumi na mbili na nusu jioni. Levodopa ya siku ni ileile 750. Chai ikawa saa moja na nusu, chakula cha mchana saa saba na nusu, cha usiku saa mbili. Sasa anazima dakika kama ishirini kabla ya dozi ya saa sita na nusu, basi. Wengine huongezewa entakaponi, inayorefusha maisha ya kila dozi. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usikimbie hospitali, ndiyo kazi yake.

MASWALI

Mama Saidi: *Shikamoo dada. Mume wangu akimeza bila kula anatapika. Nifanyeje?*

Marahaba mama. Mpe kitu kisicho na protini nyingi: kipande cha muhogo, biskuti kavu mbili, au uji mwepesi usio na maziwa. Kichefuchefu kikiendelea mwone daktari, maana huenda kabidopa haimtoshi. Ila ukiandikiwa dawa ya kuzuia kutapika, sema wazi kwamba ana Pakinsoni. Metoklopramaidi inaziba njia ileile ambayo levodopa inataka kuifungua, na nimeona watu wakipewa.

Kijana wa Korogwe: *Dozi ya mchana isiposhika, siwezi kumwongezea nusu?*

Nilifanya hivyo. Saa tisa na nusu nilimpa Baba nusu ya 25/250. Saa kumi na moja tumbo likaachia ile ya mchana pia, zikakutana. Mabega na shingo vilimcheza mpaka magharibi, akanyweshwa chai kwa mrija. Kidonge ambacho hakijashika mara nyingi bado kipo njiani. Subiri dozi inayofuata, isipokuwa daktari amekupa maelekezo ya dharura.

Bi Mkubwa wa Pangani: *Mwanangu, Ramadhani inakuja nami sitaki kuiacha.*

Shikamoo bibi. Saumu ya pwani, alfajiri hadi magharibi, ni zaidi ya saa kumi na tatu, na dawa hii haikai hivyo mwilini. Kuikata ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, na watu hulazwa kwa hilo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Zungumza na daktari kisha na sheikh wako kuhusu fidia, wote wawili kabla ya mwezi kuandama.

Mjukuu: *Babu anapewa unga wa mbegu za upupu. Kuna ukweli?*

Upo. Mbegu za upupu zina levodopa halisi, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Shida ni kwamba hazina kabidopa, kwa hiyo sehemu kubwa huvunjika kabla ya kufika kwenye ubongo na kichefuchefu huwa kingi, tena kijiko cha leo si sawa na cha kesho. Akiuchanganya na vidonge anakunywa dozi mbili. Mwambie daktari, na uuandike kwenye karatasi kama unavyoandika kidonge.

Mama Saidi: *Nimesahau: anameza pia vidonge vya damu, vya madini ya chuma. Pamoja na hivi?*

Hapana mama. Chuma hushikamana na levodopa tumboni na kuizuia isinyonywe. Ziachane saa mbili. Wakati wa kulala, saa mbili baada ya dozi ya mwisho, ndiko pazuri.