Kabla hujaanza kusaka madeni yasiyoandikwa

Orodha ya wadai haiwezi kukuambia nani hayumo. Ukichukua orodha hiyo, ukachagua majina ishirini na kuyatafutia ankara, utakuwa umethibitisha kwamba waliomo wanadai kweli, basi. Deni lililosahauliwa halina mstari wa kulichagulia. Kwa hiyo, ndugu mkaguzi, geuza mwelekeo kabla hujafungua faili lolote: anzia nje ya leja, yaani benki, stoo, kwenye mikataba na kwenye madroo ya watu, kisha rudi na ulichokiokota uone kama kimo kwenye orodha ya siku ya kufunga mwaka.

Omba vitu hivi mapema, kabla hujafika ofisini kwa mteja. Taarifa za benki za baada ya mwaka, hadi siku ya karibuni kabisa. Faili la ankara ambazo hazijalipwa na zile ambazo hata kuingizwa hazijaingizwa. Haya ni mafaili mawili, na mteja atakupa moja usipomkumbusha. Daftari la kupokea bidhaa. Jumla ya manunuzi ya mwaka kwa kila msambazaji. Mikataba inayoendelea. Mihtasari ya vikao vya bodi. Mwisho, mchanganuo wa gharama limbikizi, mstari kwa mstari. Ukiletewa tarakimu moja iliyoandikwa “gharama nyingine limbikizi”, irudishe. Nimewahi kukubali jumla kama hiyo, na kila malipo niliyouliza yalijibiwa kwamba “yamo humo ndani”. Jumla ile ingeweza kumeza chochote.

Kazi kubwa huanza na malipo yaliyotoka benki baada ya mwaka kufungwa. Mantiki yake ni nyepesi: kilicholipwa Januari huenda kilidaiwa Desemba. Chukua kila malipo yaliyozidi kiwango ulichojiwekea, tafuta ankara yake, na ujiulize swali moja tu: huduma hii ilitolewa lini, au mzigo huu ulipokewa lini? Usiulize ankara ina tarehe gani. Tarehe ya ankara ni siku ambayo mtu wa upande wa pili alipata muda wa kuiandika, na haina uzito zaidi ya hapo. Deni huzaliwa siku kazi inapofanyika.

Chukua mfano wa ankara ya ulinzi ya 930,000, iliyoandikwa tarehe 18 Januari na kulipwa tarehe 25. Mhasibu ameiweka yote kwenye mwaka mpya na haoni kosa. Isome hadi chini utakuta imeandikwa: kipindi cha 16 Desemba hadi 15 Januari. Hizo ni siku 31, na 16 kati yake ni za Desemba. Sehemu ya mwaka uliofungwa ni 480,000, na ilipaswa kuwamo kwenye gharama limbikizi. Kiasi ni kidogo, lakini ankara za namna hii hazitembei peke yake. Ukiipata moja ya ulinzi, nenda kaangalie ya umeme, ya usafi na ya mtandao, kwa sababu aliyeziingiza ni mtu yuleyule mwenye mazoea yaleyale.

Kuhusu kiwango cha kuchagulia malipo: kiweke mwenyewe na usimwambie mteja. Kisha pitisha macho kwenye malipo yaliyo chini yake kidogo. Msambazaji mmoja akilipwa mara nne ndani ya siku kumi, kila mara pungufu kidogo ya kiwango, hayo ni malipo makubwa yaliyokatwakatwa. Huenda fedha zilikuwa chache tu. Uliza hata hivyo.

Bidhaa nazo zina mtego wao. Andika namba za hati tano au sita za mwisho za kupokea bidhaa siku ile ile unapohudhuria kuhesabu stoo, kisha uzifuatilie hadi kwenye leja ya wadai. Mzigo ulioingia tarehe 30 Desemba ukahesabiwa stoo, ilhali ankara yake imeingizwa Januari, umeleta mali bila deni. Gharama ya mauzo hushuka kwa kiasi kilekile na faida hupanda. Kama mzigo haukuhesabiwa wala ankara haikuingizwa, faida haiguswi, ila mali na madeni vyote viwili vimepungua kwenye mizania. Watu wengi wakiona faida haijaguswa hulala usingizi, wakasahau kwamba anayekopesha kampuni huangalia madeni kwanza.

Sasa nije kwenye lililonichoma.

Kampuni ilikuwa ya uzalishaji, mwaka wake ukifungwa tarehe 31 Desemba. Tulimaliza kazi ya ofisini kwao tarehe 15 Februari. Nilikuwa nimepitia malipo yote makubwa ya wiki sita na nusu, sikukuta kosa hata moja, nikaandika hitimisho safi. Tuliandikia pia wadai kumi wenye salio kubwa kuliko wote, na tisa walijibu kwamba salio ni sahihi. Faida ilikuwa 14,000,000. Ripoti ikasainiwa.

Mwaka uliofuata nikapanga gharama za matengenezo ya mitambo kwa kila robo mwaka, nikakuta ankara tano za fundi mmoja. Mwaka una robo nne. Ile ya tano, 5,400,000, ilikuwa ya kazi ya Oktoba, Novemba na Desemba za mwaka tuliokwisha kuufunga na kuusaini. Faida halisi ya mwaka ule ilikuwa 8,600,000. Kosa lilikuwa kubwa mno kuzikwa kwenye mwaka mpya. Chini ya IAS 8 ilibidi tarakimu za mwaka uliopita zisahihishwe na maelezo yaandikwe. Kumweleza hayo mkurugenzi aliyekwisha gawana faida na wenzake ni kikao ambacho sikuombei.

Nikarudi kwenye mafaili yangu kuangalia deni lile lilinipitaje. Mkataba ulikuwa wa 1,800,000 kwa mwezi, na fundi alileta ankara kila baada ya miezi mitatu. Ankara ya robo ya mwisho aliiandika tarehe 28 Januari. Masharti yake yalikuwa siku 60, kwa hiyo ililipwa tarehe 29 Machi. Mimi nilikuwa nimefunga jicho la benki tarehe 15 Februari. Nilikuwa nikitafuta kwenye dirisha la siku 46 deni ambalo kwa masharti yake lisingeweza kuonekana humo.

Basi ningeliona kwenye leja ya Februari? Hapana. Mhasibu hakuingiza ankara yoyote ya matengenezo bila saini ya mhandisi kwamba kazi ilifanyika, na mhandisi alikaa nayo kwenye droo yake hadi tarehe 20 Februari. Mhasibu hakudanganya aliponipa faili la ankara ambazo hazijaingizwa. Alinipa la kwake.

Na barua za kuthibitisha salio? Hapo ndipo nilipojionea haya. Ankara ya robo ya tatu ililipwa Desemba, kwa hiyo siku ya kufunga mwaka fundi yule alikuwa na salio la sifuri. Mimi nilichagua wenye salio kubwa. Kwa utaratibu wangu, mdai aliyesahauliwa kabisa ndiye ambaye kamwe asingeandikiwa barua.

Tangu hapo nafanya mambo matatu, na vijana ninaofanya nao kazi nawalazimisha wayafanye. Kwanza, nachagua wasambazaji wa kuwaandikia kwa ukubwa wa manunuzi ya mwaka mzima, na wenye salio dogo au sifuri wanapewa kipaumbele. Barua yenyewe haitaji salio letu. Inamwomba msambazaji alete taarifa yake kamili ya hesabu, ili tarakimu itoke kwake. Ukimwandikia “tunakudai sifuri, je ni sawa?” mwenye haraka atapiga muhuri na kuirudisha, tena swali lenyewe umeliandika kinyume, maana yeye ndiye anayedai.

Pili, nahesabu vipindi. Nachora jedwali la gharama zinazojirudia, kama pango, matengenezo, ulinzi, umeme, ushauri na ada ya ukaguzi wenyewe, kisha nahesabu miezi au robo zilizoingizwa. Inachukua nusu saa. Kwa fundi yule ningekuta robo tatu kati ya nne, hata kama benki, leja na barua vyote vingekaa kimya. Jedwali halihitaji ankara iwepo ili likuonyeshe kwamba haipo, na ndiyo maana sasa naanza nalo. Tahadhari moja: ankara ya robo ya mwisho ya mwaka uliotangulia ikiwa nayo iliingizwa kwa kuchelewa, utahesabu nne na kudhani mambo ni shwari. Soma kipindi kilichoandikwa kwenye kila ankara. Usihesabu mistari tu.

Tatu, nazunguka kwa wenye madroo. Mhandisi, msimamizi wa stoo, meneja wa magari, ofisa rasilimali watu, yeyote ambaye saini yake husubiriwa kabla ankara haijaenda uhasibu. Swali langu ni fupi: “Mkuu, una karatasi gani za watu hapa ambazo hujazipitisha?” Utashangaa wanavyozitoa bila kinyongo. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mengine nayataja tu. Muulize mwanasheria wa kampuni kesi zilizopo na ada anazodai yeye mwenyewe, maana ada yake husahaulika kuliko kesi. Angalia likizo ambazo hazijachukuliwa, na marupurupu ya mwisho wa mwaka yaliyoahidiwa kwenye kikao lakini hayajalipwa. Angalia wadai wenye salio hasi. Mara nyingi malipo yameingizwa na ankara haijaingizwa. Soma masharti ya siku za kulipa kabla hujaamua utaangalia benki hadi tarehe ngapi, na mahali penye siku 60 au 90, kubali kwamba malipo peke yake hayatakufikisha.

Na usifunge msako siku unayotoka ofisini kwa mteja. Ripoti husainiwa wiki kadhaa baadaye, na ISA 560 inakutaka uwe umeangalia yaliyotokea hadi tarehe ya ripoti. Siku mbili kabla ya saini, omba taarifa ya benki iliyoongezeka, omba leja ya ankara zilizoingia tangu ulipoondoka, na umpigie mhandisi simu tena kuhusu lile droo.